NATOA WATOTO WANNE WA PAKA, BURE, KWA WATU WATAKAOWATUNZA (UYOLE, MBEYA)

Paka wetu wa mashine ya kusaga alizaa tarehe 4 Mei. Alizaa watano, mmoja akafa siku ya tano, wamebaki wanne. Jumatatu tarehe 29 Juni wanatimiza wiki 8, na kuanzia Jumamosi tarehe 4 Julai nitaanza kuwatoa. Kabla ya hapo simpi mtu, hata akinibembeleza vipi, maana bado wananyonya nyonya na wanajifunza tabia kwa mama yao.

Wa kwanza ni dume mwekundu, mwenye fujo, ndiye anayepanda magunia na kushindwa kushuka. Wa pili ni jike mweusi tii, mpole kuliko wote. Huyu naomba asiulizwe kwa mambo ya waganga. Ni paka tu, na anayekuja na shida hiyo asipoteze nauli. Wa tatu ni jike wa rangi tatu, mwoga kwa wageni lakini akikuzoea hakuachi. Wa nne ni dume wa kijivu mwenye mistari, naye ana kasoro ambayo sitaificha: aliugua macho akiwa na wiki 3, la kulia likapona, la kushoto limebaki na ukungu. Daktari wa mifugo amesema ugonjwa umekwisha ila ukungu hautaondoka. Anakula, anacheza, anaruka vizuri, mara moja moja anakosea kipimo akajigonga kwenye mguu wa kiti.

Kuhusu afya yao kwa jumla: wamepewa dawa ya minyoo wakiwa na wiki 6, na dozi ya pili watapata kabla hawajaondoka. Viroboto walikuwa nao wengi, nikawa nawatoa kwa kitana chenye meno ya karibu karibu. Sasa ni wachache lakini sitasema wamekwisha. Chanjo hawajapata yoyote. Ile ya kichaa cha mbwa huchomwa wakifikisha miezi 3, kwa hiyo itakuwa juu yako, na nitakuuliza kama umempeleka.

Wanakula dagaa waliochemshwa bila chumvi wakachanganywa na ugali kidogo, na utumbo wa kuku ulioiva. Ugali mtupu haumtoshi paka, ni mla nyama. Maziwa ya ng'ombe nayo msimpe. Najua huku kwetu maziwa hayakosekani na kila mtu anaamini paka na maziwa ni ndugu, ila wanangu waliwapa kikombe kimoja tu na tukafagia uharo siku mbili. Maji safi yanatosha. Haja wanakwenda kwenye beseni lenye mchanga, wanafukia wenyewe.

Sasa la panya, maana ndilo wengi mtakalolijia msimu huu wa kuingiza mahindi ndani. Mama yao ni hodari kweli, hapa mashineni panya wamepungua kwa macho. Lakini mtoto wa miezi miwili hakamati panya, anaweza hata kumkimbia. Mpe miezi kadhaa, na umlishe. Kumnyima chakula ili awinde kunampa udhaifu tu. Na kama kwako mnatega sumu ya panya, sikupi. Paka wangu wa kwanza alikula panya aliyekula sumu, akafa usiku ule ule mbele ya watoto.

Masharti mengine ni haya. Asifungwe kamba shingoni. Usiku alale ndani, baridi ya Juni na Julai hapa mnaijua. Jike afungwe kizazi na dume ahasiwe wakifikia umri ambao daktari atakuelekeza. Usichelewe, jike anaweza kushika mimba hata kwenye miezi 4, na wiki 9 baadaye na wewe utakuwa unaandika tangazo kama hili. (Mama yao nimeshamwekea miadi, kosa lilikuwa langu.) Ukishindwa kumtunza, kwa sababu yoyote, mrudishe kwangu bila aibu. Usimtupe sokoni.

Mtoto akija peke yake simpi, aje na mzazi. Anayechukua wawili nitamfurahia zaidi, wanapashana joto na kelele za usiku zinapungua. Siwatumi kwa basi wala kwa bodaboda. Uje mwenyewe na boksi lenye matundu au kikapu chenye kifuniko, na si mfuko wa salfeti.

Njoo saa 10 jioni hadi saa 12, siku yoyote isipokuwa Jumapili. Ni Uyole, barabara ya kwenda Tukuyu, mashine ya kusaga yenye mlango wa bluu na benchi refu nje. Ulizia mama wa paka, hata wabeba magunia watakuonyesha. Yule wa jicho yumo kwenye boksi karibu na mizani, anza kumwangalia yeye.