Maombi ya ushirikiano: video tatu za korosho zenu, msimu huu

Habari za kazi, dada.

Naitwa Zuhura, naishi Mikindani. Natengeneza video fupi za mapishi ya Kusini kwenye TikTok na Instagram. Wanaonifuatilia ni 8,400, wengi ni watu wa Mtwara na Lindi, na wenzetu waliohamia Dar es Salaam. Korosho zenu za kukaanga nazinunua mwenyewe dukani, ndiyo maana nimewaandikia ninyi kwanza.

Nilipoweka video ya kashata za korosho, swali moja lilijirudia kwenye maoni: "Pakiti ndogo vile mbona ghali, na korosho zimejaa mashambani?" Wanaouliza ni watoto wa wakulima. Wameokota korosho tangu wadogo, na bei ya mnada wanaijua kuliko mimi. Wasichokijua ni kinachofuata gunia likishatoka ghalani, kwa sababu sehemu kubwa ya korosho yetu inapakiwa melini ikiwa ghafi, ikabanguliwe India na Vietnam. Ninyi mnabangua hapa hapa Mtwara, lakini kwenye pakiti jambo hilo limeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo. Hiyo ndiyo hadithi yenu kubwa, na ningependa kuisimulia.

MPANGO WA VIDEO: "KILO MOJA"

Video zote ni za wima, sekunde 60 hadi 90, na maneno yanaandikwa chini kwa anayetazama bila sauti.

Ya kwanza, Mzani. Inaanza na mizani miwili: mmoja una kilo tano za korosho ghafi, mwingine kilo moja iliyobanguliwa. Kwa kawaida zinahitajika kilo nne hadi tano za ghafi kupata kilo moja ya kula. Kisha shambani kwa haraka: korosho ikidondoka, ikiokotwa, ikinyofolewa kwenye bibo. Watazamaji wangu shamba wanalijua, sitawachosha nalo.

Ya pili, Mikono. Hii ndiyo roho ya mfululizo. Nataka kamera ikae karibu kabisa na meza ya mbanguaji: korosho iliyopitishwa kwenye mvuke, inawekwa moja moja kwenye mashine ya mkono, kanyagio linashuka, ganda linapasuka, na kokwa inatolewa bila kuvunjika. Ndani ya ganda mna mafuta makali yanayobabua ngozi, na mtu akiyaona yalivyo meusi kwenye glavu ataelewa bei bila kuelezwa. Baada ya hapo kokwa zinakaushwa na ile ngozi nyembamba ya kahawia inamenywa. Mwisho ni meza ya madaraja. Alama kama W320 kwenye maboksi wengi hawaijui. Maana yake ni kokwa nzima nyeupe, 300 hadi 320 kwa ratili moja. Mchambuaji mwenyewe aieleze kwa maneno yake, mimi ninyamaze.

Ya tatu, Jikoni. Kisamvu cha nazi kilichoungwa kwa korosho za kusaga, kwa kutumia vipande badala ya nzima. Ladha haipungui na bei ni nafuu, kwa hiyo mama mwenye familia kubwa naye ana cha kununua kwenu.

Kuna mambo mawili nayasema mapema. Mbanguaji asiyetaka uso wake uonekane, hataonekana, na siku nitakayokuta watu hawana glavu sitarekodi. Tutapanga siku nyingine. Pia sitasema korosho inatibu ugonjwa wowote, hata mkiomba. Watu hawa wananiamini, na imani hiyo ndiyo ninayowaletea.

Malipo ni shilingi 450,000 kwa video zote tatu, nusu kabla ya kurekodi, nusu mkishaziona. Nauli, kuhariri na ngoma vimo humo. Ngoma nitarekodi kwa vijana wa hapa Mikindani na kuwalipa, nisitumie wimbo wa mtu. Kila video itaandikwa wazi kuwa ni tangazo la kulipwa. Marekebisho ni mara moja kwa kila video, ila kosa la ukweli nitalirekebisha wakati wowote. Mnaruhusiwa kuziweka kwenye kurasa zenu kwa miezi sita. Mkizitaka kwa televisheni, tutazungumza upya.

Ningependa ya kwanza itoke mwanzoni mwa Oktoba, minada inapoanza na kila mtu huku anaongelea korosho. Kwa hiyo kiwandani nahitaji kufika Septemba, siku mbili, asubuhi, mwanga ukiwa bado laini. Kama mtaona bajeti ni kubwa, tuanze na ya pili peke yake kwa shilingi 200,000.

Nipo tayari kuja ofisini nikuonyeshe video zangu za nyuma. Ukinijibu hapa hapa kabla ya mwisho wa mwezi huu wa Agosti, nitapanga safari ya shambani mapema.

Ahsante sana, dada.
Zuhura, Mikindani