Swali la 4: Bei ya pampu ya jua, tangu karatasi ya msanifu hadi chakavu (alama 25)

Kampuni moja inatengeneza vifaa vya umeme wa jua. Inajiandaa kuingiza sokoni pampu mpya ya maji ambayo betri yake imo ndani ya mwili wa pampu. Bidhaa hiyo inatarajiwa kuishi miaka mitano: mwaka 1 ni wa usanifu, mwaka 2 hadi 4 ni ya uzalishaji na mauzo, na mwaka 5 ni wa kufunga mradi. Idadi ya pampu zitakazouzwa inakadiriwa kuwa 4,000 mwaka 2, 10,000 mwaka 3 na 6,000 mwaka 4. Bei itakuwa moja kwa miaka yote mitatu.

Idara ya uhasibu imekusanya makadirio haya, yote kwa dola:

| | Mwaka 1 | Mwaka 2 | Mwaka 3 | Mwaka 4 |
|---|---|---|---|---|
| Utafiti na usanifu | 600,000 | – | – | – |
| Mitambo na kalibu | 900,000 | – | – | – |
| Gharama badilifu za uzalishaji kwa pampu moja | – | 95 | 85 | 90 |
| Gharama za kudumu za kiwanda | – | 160,000 | 200,000 | 180,000 |
| Matangazo na mauzo | 50,000 | 220,000 | 120,000 | 60,000 |

Usafirishaji hadi kwa wakala hugharimu dola 10 kwa pampu. Asilimia 5 ya pampu zinazouzwa zinatarajiwa kurudi chini ya dhamana ndani ya mwaka uleule wa mauzo, na kila tengenezo hugharimu dola 40.

Sheria inamtaka mtengenezaji apokee pampu zilizokufa na kuziteketeza kwa njia salama. Kampuni inatarajia kurudishiwa asilimia 70 ya pampu zote, kwa dola 15 kila moja, na imetenga kazi hiyo yote katika mwaka 5. Mwaka huohuo itatumia dola 130,000 kung'oa mitambo na kusafisha eneo la kiwanda, kisha itauza mitambo hiyo kama chakavu kwa dola 60,000.

Ndani ya zile 600,000 za utafiti na usanifu, dola 40,000 zimekwisha kulipwa kwa uchunguzi wa soko.

Meneja wa mauzo anapendekeza bei ipatikane kwa kuchukua gharama ya kuzalisha pampu moja katika mwaka 2, kisha kuongeza asilimia 70. Sera ya kampuni inataka faida ya asilimia 20 ya bei ya kuuza.

Yanayotakiwa

(a) Kokotoa gharama ya pampu moja kwa mzunguko wake wote wa maisha, na bei inayotimiza sera ya kampuni. Puuza thamani ya fedha kwa wakati. (alama 9)

(b) Tathmini bei ya meneja wa mauzo. (alama 6)

(c) Msanifu anaomba dola 140,000 zaidi katika mwaka 1 ili betri ishikwe kwa skrubu badala ya gundi. Gharama badilifu zitashuka kwa dola 6 kwa pampu, marejesho ya dhamana yatakuwa asilimia 3, na kuteketeza pampu moja kutagharimu dola 7. Onyesha athari kwa gharama na bei. (alama 6)

(d) Rudia uamuzi wa (c) kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 10, ukichukua mwisho wa mwaka 1 kuwa siku ya leo na fedha za kila mwaka zikilipwa mwishoni mwake. (alama 4)

Jibu

(a) Usanifu 600,000 na mitambo 900,000 zinaingia zote. Gharama badilifu ni 380,000 + 850,000 + 540,000 = 1,770,000, na za kudumu ni 540,000. Matangazo ni 450,000. Usahihishaji umeonyesha mara nyingi kwamba ile 50,000 ya mwaka 1 ndiyo husahaulika. Usafirishaji ni 20,000 × 10 = 200,000. Dhamana ni pampu 1,000 × 40 = 40,000. Kuteketeza ni pampu 14,000 × 15 = 210,000. Kufunga kiwanda ni 130,000, ukiondoa chakavu 60,000.

Jumla ni dola 4,780,000. Gawanya kwa pampu 20,000: dola 239 kwa pampu.

Dola 40,000 za uchunguzi wa soko zinabaki ndani, kwa kuwa bei inatakiwa kurudisha kila senti iliyotumika kwa bidhaa hii. Lau swali lingeuliza kama mradi uendelee au usimamishwe, fedha hizo zingetolewa: zimeshatoka, na hakuna uamuzi utakaozirudisha. Mtahiniwa anayetenganisha maswali haya mawili ameielewa mada.

Faida ni asilimia 20 ya bei, si ya gharama, hivyo gharama ni asilimia 80 ya bei: 239 ÷ 0.8 = dola 298.75. Anayezidisha 239 kwa 1.2 atapata 286.80, bei inayotoa faida ya chini ya asilimia 17 ya mauzo.

(b) Gharama ya uzalishaji mwaka 2 ni (380,000 + 160,000) ÷ 4,000 = dola 135. Ukiongeza asilimia 70, bei ni dola 229.50. Meneja ataona faida ya dola 94.50 kwa kila pampu, na ripoti ya mwaka wa kwanza wa mauzo itamuunga mkono iwapo usanifu, mitambo na uteketezaji havimo ndani yake. Kwa maisha yote ya bidhaa, kila pampu inapoteza 239 – 229.50 = dola 9.50, yaani hasara ya dola 190,000. Hasara hiyo itajitokeza pampu zilizokufa zitakapoanza kurudi, wakati hakuna tena pampu ya kuuza wala bei ya kupandisha.

Haifuati kwamba 298.75 ni lazima ikubaliwe na soko. Ikiwa wanunuzi hawatailipa, pa kurudi ni kwenye usanifu, na ndiyo maana sehemu (c) ipo.

(c) Akiba ya uzalishaji ni 6 × 20,000 = 120,000. Dhamana inapungua kwa pampu 400 × 40 = 16,000. Uteketezaji unapungua kwa 8 × 14,000 = 112,000. Jumla ya akiba ni 248,000. Ukitoa 140,000, zinabaki dola 108,000. Gharama mpya ni 4,672,000, au dola 233.60 kwa pampu, na bei ni dola 292.00.

Kufikia mwisho wa mwaka 1, bila pendekezo hili, kampuni imetumia 1,550,000, takriban asilimia 32 ya gharama zote. Lakini kwa kuchagua gundi imeshajifunga kulipa sehemu kubwa ya zilizobaki, zikiwemo saa za fundi atakayepasua pampu mwaka 5 kuitoa betri. Jibu linalosema haya kwa tarakimu za swali lenyewe lipewe alama kamili za maelezo.

(d) Akiba kwa mwaka:

| Mwaka | Akiba | Kigezo | Thamani ya sasa |
|---|---|---|---|
| 2 | 27,200 | 0.909 | 24,725 |
| 3 | 68,000 | 0.826 | 56,168 |
| 4 | 40,800 | 0.751 | 30,641 |
| 5 | 112,000 | 0.683 | 76,496 |
| | | | 188,030 |

Ukitoa 140,000, thamani halisi ya sasa ni dola 48,030. Pendekezo likubaliwe. Faida yake imepungua kwa zaidi ya nusu kwa sababu akiba kubwa kuliko zote iko mbali, mwaka 5. Uteketezaji ukiondolewa kabisa kwenye hesabu, akiba ya miaka 2 hadi 4 inafikia 111,534 tu na pendekezo linakataliwa.