ZAMU ZA FUTARI YA MSIKITINI, NGAMIANI: SOMA MPAKA MWISHO

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mama zangu, kaka zangu na wadogo zangu, mwezi umetukaribia na masufuria yamekwisha kushushwa darini. Kikao cha jana baada ya isha kimeniachia mimi kazi ya kupanga zamu, nami nimezipanga. Atakayeona jina lake pasipomfaa aniambie leo. Chungu cha tatu kikishafika nitakuwa kiziwi.

Kwanza niseme kwa nini safari hii mpango si kama wa mwaka jana. Mnakumbuka chungu cha kwanza: tulikuwa wapishi ishirini na wawili kwenye mafiga matatu, sinia za kaimati zilikosa pa kuwekwa, na upawa ulikuwa unagombewa. Chungu cha ishirini na sita tulibaki wanawake watatu na kijana mmoja, na waliokaa mkekani walikuwa wale wale mia na hamsini. Kumi la mwisho watu wana nguo za watoto, vitambaa kwa fundi na safari za Pangani na Lushoto, sikatai. Lakini muhogo haujimenyi. Kwa hiyo kumi la kwanza makundi ni madogo makusudi, na kumi la mwisho makundi mawili yanaungana. Ukijiona una hamu ya kuja siku ambayo si yako mwanzoni mwa mwezi, ihifadhi hamu hiyo, tutakuhitaji baadaye.

Zamu zinafuata vyungu, si kalenda ya ukutani, maana mwezi haujaandama bado.

Chungu cha 1 hadi cha 5, KUNDI LA KWANZA: Bi Mwanaidi (mkuu wa jiko), Mama Zubeda, Da Rehema, Kaka Bakari.
Chungu cha 6 hadi cha 10, KUNDI LA PILI: Bi Kidawa (mkuu wa jiko), Mama Swaleh, Asha, Kaka Mbwana.
Chungu cha 11 hadi cha 15, KUNDI LA TATU: Mama Tatu (mkuu wa jiko), Bi Mwanahawa, Da Saumu, Salimu, Kaka Athumani.
Chungu cha 16 hadi cha 20, KUNDI LA NNE: mimi mwenyewe, Mama Nuru, Da Mwanaisha, Baba Shani, Idi.
Chungu cha 21 hadi cha 25: kundi la kwanza na la pili pamoja.
Chungu cha 26 hadi cha 30: kundi la tatu na la nne pamoja. Mwezi ukiandama kwa ishirini na tisa, tumepona siku moja.

Kazi inaanza saa 8 mchana uani kwa Bi Mwanaidi, nyuma ya msikiti. Saa 8 si saa 9. Mpaka adhana ya alasiri, karibu na saa 10, muhogo uwe umemenywa, umekatwa na umetolewa mzizi wa kati, na nazi ziwe zimevunjwa. Wanaume wa kundi ndio wa kuni, maji na kuinua masufuria. Tafadhali Kaka Mbwana, kuni mbichi zile zisirudi, tulilia machozi kama tuna msiba. Baada ya swala tunakuna na kukamua: tui la pili linaanza na muhogo, tui zito linaingia mwisho moto ukiwa umepunguzwa, na hapo mtu asiache kukoroga akaenda kupokea simu. Uji unapanda motoni saa 11. Saa 12 na robo kila kitu kiwe kimeshuka, kwa sababu magharibi yetu mwezi huu ni kati ya saa 12:35 na 12:45 na hakuna adhana inayomsubiri mpishi.

Vipimo vya siku kwa watu 150, ili mkuu wa jiko asikisie: muhogo kilo 45, nazi 25, uji lita 40 wenye sukari kilo 4 na pilipili manga ya kutosha kuwashtua walio nyuma, tende kilo 4 (hiyo ni tatu tatu kwa kila mtu, na zisihesabiwe kwa mkono uliotoka kumenya vitunguu). Mkipata magimbi au ndizi mbichi kwa bei nzuri badilisheni, watu huchoka. Ijumaa ni wali wa nazi na samaki: mchele kilo 20, mambo ya samaki muulizeni Baba Shani, yeye anajuana na watu wa Deep Sea. Sambusa, kaimati na tambi hatupiki hapa. Anayetaka thawabu hizo alete kutoka kwake zikiwa tayari.

Suala la kuonja. Mwaka jana futari ilitoka bila chumvi siku mbili kwa sababu wapishi wote walikuwa wamefunga na kila mmoja akiogopa. Tulimuuliza maalimu, akasema mwenye haja ya kuonja aguse kwa ncha ya ulimi kisha ateme, saumu yake haina neno. Hata hivyo, aliye na udhuru, awe mgonjwa, mjamzito, msafiri au mengineyo tunayoyajua wenyewe, asijifungie ndani kwa haya. Aje, yeye ndiye muonja chumvi wetu, na ndiye wa kuonja kipande cha muhogo mbichi kwenye kila gunia kabla halijaingia jikoni, kisha akiteme. Ukiwa mchungu gunia zima linarudi. Muhogo mchungu una sumu, haufichwi na tui.

Wapakuzi ni vijana kumi wa madrasa chini ya Salimu, kila siku, si kwa zamu. Mkono safi, kanzu safi. Adhana ikilia zinatangulia tende na maji, tunaswali, kisha ndipo sahani. Upande wa akina mama upelekewe kwa wakati mmoja na wa wanaume, si baada. Wapiti njia na vijana wa bodaboda wanaosimama mlangoni wapewe bila kuulizwa wametoka wapi. Na zile hotipoti tano za wazee wasioweza kutembea zitoke kabla ya mtu yeyote kukaa. Idi anajua nyumba. Anayetaka kubeba cha kwake nyumbani aje na chombo, mifuko ya plastiki mnajua imepigwa marufuku tangu 2019.

Sasa masufuria. Hili ndilo lililonifanya nikubali kazi hii. Ukoko wa uji ukilala usiku kucha, asubuhi ni jiwe, na mwaka jana jiwe hilo lilikuwa la mama mmoja tu, simtaji. Safari hii waliopika ndio wanaoosha, usiku ule ule kabla ya tarawehe. Mkishapakua tieni maji ndani hapo hapo. Mkuu wa jiko asitoe ufunguo kwa kundi linalofuata kama kuna sufuria lenye ukoko.

Mwenye kushindwa siku yake atafute wa kushika nafasi yake, kisha atujulishe hapa kabla ya saa 4 asubuhi. Michango ya fedha ni kwa Mama Nuru peke yake, naye anaandika kwenye daftari kila kinachoingia na kutoka. Nazi na kuni zipelekwe moja kwa moja kwa Bi Mwanaidi.

Na jambo la mwisho: mbuzi ya kukunia ya Bi Kidawa, ile yenye mguu uliofungwa waya, haijaonekana tangu Idi iliyopita. Aliyenayo aiweke tu kwenye kibaraza changu usiku, sitamuuliza kitu.