Jaza Pengo: Viambishi vya Ngeli za KI-VI na U-I

Darasa la Jumamosi, Mji wa Kale, Mombasa. Muda: dakika 40. Andika sentensi nzima daftarini, si kiambishi peke yake.

Ngeli ya U-I ndiyo ile ambayo wazazi wenu walifundishwa kama M-MI. M- na MI- hukaa kwenye nomino. U- na I- hukaa kwenye kitenzi: mkeka umechanika, mikeka imechanika. Katika KI-VI nomino na kitenzi huanza sawa (kikapu kimejaa, vikapu vimejaa), basi mtu huzoea kuiga mwanzo wa nomino. Akifika kwenye mikeka, anaandika "mimechanika". Sitaki kuiona tena.

A. Tia ki-, vi-, u- au i-.

1. Kivuko cha Likoni ___mejaa, subirini kingine.
2. Mishikaki ___naungua, geuza upesi!
3. Viazi karai ___mekwisha, zimebaki bajia.
4. Mnazi wa jirani ___meangukia paa letu.
5. Chombo ___metweka tanga.
6. Mwavuli wangu ___livunjwa na upepo pale Mama Ngina.
7. Vyeti ___tatolewa Ijumaa baada ya sala.
8. Mioyo yao ___metulia.

Namba 5 na 7 zisikubabaishe. Ch- na vy- ni ki- na vi- zilizokutana na irabu.

B. Kukanusha, na wakati wa -a-. Kumbuka: ki + a = cha, vi + a = vya, u + a = wa, i + a = ya. Katika 13 hadi 15 andika umbo lililokwisha kuungana.

9. Kisima hiki ha___kauki hata kiangazi.
10. Mihogo hii ha___jaiva.
11. Vitabu vyenu ha___kufika.
12. Mkate wa sinia ha___tatosha wageni wote.
13. Kikoi hiki ___faa kuvaliwa Idi.
14. Mlango ___fungwa sasa hivi, ingieni.
15. Miaka ___pita, na deni lako lipo palepale.

C. Angalia kinachotajwa, si herufi za mwanzo. Mtu na mnyama huchukua a- au wa- hata jina likianza na ki- au vi-.

16. Kinyozi wetu ___mefunga mapema leo.
17. Kibanda cha kinyozi ___mefungwa mapema leo.
18. Vijana wa Kibokoni ___nacheza bao barazani.
19. Kiboko ___mezama mtoni, masikio tu yanaonekana.
20. Kiboko cha mchunga punda ___mevunjika.
21. Mkizi ___metoa wino.
22. Kitoto kile ___nalia tangu alfajiri.

D. Kifungu.

Kusi ikivuma, mitumbwi mingi (a)___navutwa hadi pwani. Mvuvi mmoja (b)___nakagua mshipi wake: (c)___mekatika tena. Mishipi ya akiba ipo, ila (d)___mejisokota. Kikapu cha chambo (e)___natoa harufu kali, vidole vyake (f)___naganda kwa chumvi, na mkewe anapiga kelele toka jikoni: kisu na mwiko (g)___mepotea!

MAJIBU (usifunue kabla ya kumaliza)

A: 1 kimejaa, 2 inaungua, 3 vimekwisha, 4 umeangukia, 5 kimetweka, 6 ulivunjwa, 7 vitatolewa, 8 imetulia.

B: 9 hakikauki, 10 haijaiva, 11 havikufika, 12 hautatosha, 13 chafaa, 14 wafungwa, 15 yapita. Ukiandika "inapita" kwenye 15, Kiswahili ni sahihi lakini swali hukulijibu.

C: 16 amefunga, 17 kimefungwa, 18 wanacheza, 19 amezama, 20 kimevunjika, 21 ametoa, 22 kinalia.

Hapa ndipo penye kazi. Kiboko wa 19 ni mnyama, kiboko cha 20 ni fimbo ya kuchapia. Jina ni lilelile, kitenzi ndicho kinachokuambia nani yumo majini. Ukiandika "kiboko kimezama", msomaji ataona fimbo imeanguka mtoni, kisha atashangaa habari ya masikio. Mkizi ana m- ya mkeka, lakini ni kiumbe wa baharini, basi a-. Namba 22 itawaletea ubishi: kitoto ni mtu, kwa nini ki-? Kwa sababu hapa ki- imeingizwa makusudi kudunisha, na kitenzi kinafuata dunisho hilo. Kijana na kinyozi hawakudunishwa na mtu, ndiyo majina yao.

D: (a) inavutwa, (b) anakagua, (c) umekatika, (d) imejisokota, (e) kinatoa, (f) vinaganda, (g) vimepotea. Kwenye (g) kisu ni cha KI-VI na mwiko ni wa U-I. Vitu viwili visivyo hai vya ngeli tofauti vikiunganishwa kwa "na", vi- ndiyo hubeba vyote.