Yah: Maombi ya Nakala Zilizothibitishwa za Nyaraka za Usajili wa Kampuni

KIWANDA CHA MCHUZI WA ZABIBU HOMBOLO
Ofisi ya Ununuzi, Hombolo, Dodoma

Kumb. Na. KMZH/UN/07/2025
12 Mei, 2025

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Mtipa Wajenzi,
SINGIDA.

YAH: ZABUNI NA. 07/2025 YA UJENZI WA GHALA LA UBARIDI – NAKALA ZILIZOTHIBITISHWA ZA NYARAKA ZA USAJILI

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Zabuni yenu ilifunguliwa tarehe 6 Mei, 2025 na sasa iko kwenye tathmini ya awali. Kabla kamati haijaendelea, nyaraka zenu za usajili zinahitaji kukamilishwa.

Cheti cha usajili kutoka BRELA mlichoambatisha ni kivuli kisichogongwa muhuri wa wakili, na namba ya usajili haisomeki. Isitoshe, kina jina la Mtipa Hadiwea, ilhali fomu ya zabuni imesainiwa kwa jina la Mtipa Wajenzi. Kama kampuni ilibadilisha jina, leteni pia cheti cha kubadilisha jina. Bila hicho hatuwezi kujua kwamba aliyeomba kazi ndiye huyo huyo aliyesajiliwa, na mkataba hauwezi kusainiwa na jina lisilokuwepo kwenye daftari la Msajili.

Katiba ya kampuni nayo imekatika: ukurasa wa mwisho, wenye majina na saini za wanahisa waanzilishi, haumo. Tunaomba katiba nzima, pamoja na taarifa ya BRELA ya hivi karibuni inayoonyesha wakurugenzi na wanahisa wa sasa, ili tuilinganishe na jina la aliyesaini zabuni.

Kila nakala ithibitishwe na wakili ambaye ni Kamishna wa Viapo, baada ya kuiona nakala halisi kwa macho yake. Aandike jina lake, tarehe na mahali, agonge muhuri na kusaini. Kwa katiba, muhuri uwe kwenye kila ukurasa; ukigongwa kwenye jalada tu, kurasa za ndani zinaweza kubadilishwa na mtu yeyote. Msitume vyeti halisi, vibaki kwenu.

Nyaraka zitufikie kabla ya saa 10:00 alasiri, Jumatatu tarehe 19 Mei, 2025, ndani ya bahasha iliyofungwa yenye namba ya zabuni. Najua Singida si karibu. Mkituma kwa basi, nipeni mapema jina la basi na namba ya gari, nami nitaipokea mwenyewe stendi ya Nanenane. Muda huo ukipita, kamati italazimika kuiondoa zabuni yenu, jambo ambalo nisingependa litokee kwa sababu ya muhuri.

Barua hii haiwaruhusu kubadili bei wala maelezo ya kiufundi, na si ishara ya kushinda au kushindwa.

Nawatakia kazi njema.

(Saini)
Neema Chiwanga
AFISA UNUNUZI

Nakala: Mwenyekiti, Kamati ya Tathmini – aone kwenye jalada.