YAH: Ombi la kurudia taitresheni ya siki

Mwanachuo, Stashahada ya Ualimu (Sayansi), mwaka wa pili,
Kundi B, meza namba 4,
Morogoro.
14 Mei 2025

Mkufunzi wa Kemia,
Maabara namba 2.

Shikamoo Mkufunzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Juzi Jumatatu, 12 Mei, kundi letu lilipima kiasi cha asidi asetiki kwenye siki nyeupe ya dukani. Kibandiko cha chupa ya siki kinasema asilimia 5. Mimi nimepata 5.7. Naandika kukueleza jinsi nilivyofika kwenye namba hiyo, kwa nini siiamini, na kuomba nirudie.

Nilianza kama karatasi ya maelekezo ilivyosema. Nilichukua siki 25.0 sm³ kwa pipeti, nikaiongezea maji yaliyokenekwa hadi 250 sm³, kisha kila mara nikatoa 25.0 sm³ za mmumunyo huo na kutia matone mawili ya fenolftaleini. Kwenye bureti kulikuwa na sodiamu haidroksaidi iliyoandikwa 0.100 M. Jaribio la makisio lilitumia 24.40 sm³. Matatu yaliyofuata yalitumia 23.90, 23.85 na 23.95, wastani 23.90.

CH3COOH + NaOH → CH3COONa + H2O

Kwa uwiano wa moja kwa moja, siki iliyozimuliwa ina 0.0956 M, siki yenyewe 0.956 M, yaani gramu 57.4 kwa lita. Kama kibandiko ni cha kweli, ningetumia takribani 20.8 sm³. Tofauti ya sm³ tatu haitokani na jicho kusoma bureti vibaya, hasa pale majaribio matatu yanapokubaliana ndani ya 0.10.

Kukubaliana huko ndiko kulikonichanganya. Nilipoona namba zimekaa pamoja nilifurahi, nikafunga daftari. Jioni bwenini, nilipopiga hesabu, ndipo nilipogundua kuwa zimekaa pamoja mahali pasipo pake.

Nilianza kujikagua mwenyewe. Bureti niliisuuza kwa maji, kisha kwa haidroksaidi mara mbili. Hata kama maji yangebaki, yangeharibu zaidi jaribio la kwanza kuliko la nne. Kiputo cha hewa kwenye ncha, hali kadhalika. Chupa ya koniko niliisuuza kwa maji yaliyokenekwa tu. Najua wapo wanaoisuuza kwa siki na kujiongezea asidi bila kujua, lakini mimi sikufanya hivyo. Kosa moja nakiri: wakati wa kuzimua nilipitisha alama ya 250 kidogo, labda tone mbili tatu. Ila kosa hilo lingeshusha jibu langu, lisingelipandisha.

Basi nikarudi kwenye chupa ya haidroksaidi. Jana saa nne asubuhi nilimwomba fundi wa maabara aniruhusu niitazame. Imeandikwa 22 Aprili, kizibo chake kimepasuka, na mdomoni kuna unga mweupe ulioganda. Haina alama yoyote kwamba imesanifishwa. Kwenye maelekezo yetu, hatua ya pili inasema tusome kibandiko na kuandika tarehe ya kusanifisha. Mimi niliandika "0.100 M" nikapita. Hilo ni kosa langu, si la fundi wala la chupa.

Mwanzoni nilidhani nimeshapata mchawi: kaboni dayoksaidi ya hewani imegeuza sehemu ya haidroksaidi kuwa kaboneti. Unga ule mweupe unaonyesha hivyo, na nakumbuka rangi ya waridi ilikuwa ikififia baada ya kama nusu dakika. Lakini nilipohesabu, maelezo hayo yalipwaya. Kwa fenolftaleini, kaboneti inahesabika nusu tu, kwa hiyo moli moja ya gesi inatupotezea moli mbili za haidroksaidi na kuturudishia moja. Ili mmumunyo ushuke kutoka 0.100 hadi kama 0.087, kila lita ingehitaji moli 0.0129 za gesi. Hewa ina gesi hiyo kwa kiasi cha asilimia 0.04 hivi, hivyo tunazungumzia zaidi ya lita 700 za hewa kupita kwenye chupa. Kizibo kilichopasuka hakiwezi kuruhusu hewa yote hiyo ndani ya wiki tatu. Nadhani sehemu kubwa ya kosa ilikuwepo tangu siku ya kupima: vipande vya haidroksaidi hunyonya unyevu haraka, na kama kopo lilikuwa limekaa wazi, gramu 4 za kwenye mizani hazikuwa gramu 4 za haidroksaidi. Hewa ilikuja kumalizia tu.

Meza namba 2 walitumia chupa nyingine, ya 8 Mei, iliyosanifishwa 0.0998 M. Kwa siki ile ile walitumia 20.85 sm³, na jibu lao ni asilimia 4.99. Ningeweza kuchukua namba yao, nikaitumia kupata ukali wa haidroksaidi yangu, kisha nikairudisha kwenye siki na kupata asilimia 5 safi kabisa. Lakini hapo nitakuwa nimenakili jibu lao kwa njia ya mzunguko. Mwenzangu mmoja alinishauri nipike namba tu, niandike 20.80 na kumaliza. Sikumjibu, maana nilikuwa nimeshaandika 23.90 kwa kalamu ya wino.

Ninachoomba, Mkufunzi, ni muda wa saa mbili Ijumaa, 16 Mei, kuanzia saa nane mchana. Fundi anasema maabara haina kipindi, na yuko tayari kuwepo ukikubali. Nitapima asidi oksaliki yenye maji ya fuwele, gramu 1.576, na kuiyeyusha hadi 250 sm³ ili nipate 0.0500 M. Kila 25.0 sm³ zingehitaji 25.0 sm³ za haidroksaidi iliyo 0.100 M sawasawa. Kama dhana yangu ni sahihi, chupa ile ya 22 Aprili itatumia karibu 28.7. Ikitumia 25, basi nimekosea mimi na nitatafuta upya. Maji ya kuyeyushia nitayachemsha kwanza, niyapoze yakiwa yamefunikwa.

Baada ya hapo nitarudia siki yenyewe. Ile niliyoizimua ninayo bado, kama 150 sm³, imezibwa na ina kibandiko cha kundi letu kwenye rafu ya dirishani, lakini kwa kuwa nilipitisha alama ni afadhali nizimue nyingine. Siki nitanunua mwenyewe, ya chapa ile ile.

Ombi dogo zaidi, na hili ni la haraka: tafadhali chupa ile isimwagwe kabla ya Ijumaa. Fundi alikuwa ameshaitenga karibu na sinki.

Ripoti inatakiwa Jumatatu, 19 Mei. Ikiwa nafasi ya kurudia haitapatikana, nitaiwasilisha siku hiyo hiyo ikiwa na 5.7 kama ilivyo, pamoja na hesabu hizi. Daftari langu la maabara nimeliambatisha, kurasa za 31 hadi 34. Ukurasa wa 33 una doa la fenolftaleini, uniwie radhi.

Wako mtiifu,

Rehema
Kundi B, meza namba 4