Jalada la mbele: riwaya ya taharuki “Usiku wa Bamvua”

Chora picha ya jalada la mbele, A5 wima, milimita 148 kwa 210, pamoja na milimita 3 za kukatia kila upande: pikseli 1819 kwa 2551.

Ni ufuo wa Bagamoyo, saa nne usiku, mwezi wa Aprili. Mwezi mpevu umefichwa na mawingu mazito ya masika. Usichore duara lake, onyesha weupe hafifu tu unaodondoka juu ya upeo wa bahari. Maji yamekupwa mpaka mbali sana, kama yanavyofanya siku za bamvua, na mchanga mtupu umelowa. Kushoto, karibu na mtazamaji, kuna pembe ya ukuta mkongwe wa matumbawe uliobanduka chokaa. Kulia, mbali kidogo, ngalawa imelala ubavu, mrengu mmoja umevunjika. Baharini kusiwe na taa yoyote. Usiku wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawawashi karabai, na msomaji wa pwani atalijua hilo mara moja.

Mwanamke mmoja amesimama peke yake, ametupa mgongo, kulia kidogo ya katikati. Urefu wake ni milimita 45, kichwa kinavuka kidogo mstari wa upeo. Amevaa gauni jeusi, kanga imefungwa kiunoni, pindo limelowa na kumganda miguuni. Mkono wa kushoto umeshika kandili aliyoiteremsha hadi usawa wa goti, mwanga wake unaishia kwenye nyayo zake. Uso usionekane hata ubavu: tusijue kama anaogopa au anamngoja mtu.

Kutoka ukutani zinakuja nyayo za watu wawili, sambamba. Za mwanamke zinafika alipo. Zile kubwa zinakatika katikati ya mchanga, bila dalili ya kugeuka wala kuburutwa. Hapa ndipo hadithi yote ilipo, kwa hiyo zichorwe kwa makini, kila kisigino kikiwa na kivuli chake.

Rangi ni buluu nzito inayokaribia weusi, kijivu cha risasi, na manjano ya kandili peke yake. Hewa iwe na unyevu na ukungu mwembamba chini. Mvua haijaanza, lakini ionekane inakuja.

Milimita 75 za juu ziwe mawingu matupu, meusi, bila ndege wala mpasuko wa mwanga. Jina la kitabu litawekwa hapo kwa herufi nyeupe. Milimita 25 za chini ziwe mchanga ulio kivulini, bila nyayo wala mng’ao, kwa ajili ya jina la mwandishi. Ukuta pia usiingie humo. Usiandike herufi yoyote wewe mwenyewe.

Pasiwe na damu, kisu, bunduki wala kivuli cha mtu wa pili. Mtindo ni wa picha halisi ya kamera, chembechembe kidogo, na mwanamke na kandili yake watambulike hata jalada likitazamwa dogo kwenye simu.